Kumtambulisha Mwenzako kwa Mzaha Bila Kumvunjia Heshima: Funzo Kutoka Utani wa Waluguru



Zipo familia nyingi za Unguja na Pemba ambazo zina mtoto anayesoma Morogoro, au zimeozesha huko, au zina ndugu anayefanya kazi huko. Basi hutokea wakavuka bahari, wakapanda basi au treni, wakafika chini ya milima ya Uluguru kuhudhuria mahafali au walima. Shughuli inaanza vizuri kwa Qur-aan na dua. Kisha anasimama mshereheshaji kumtambulisha mwalimu atakayezungumza, na maneno ya kwanza yanayotoka kwenye spika ni: "Sasa namleta mtumwa wangu!" Nusu ya ukumbi inacheka mpaka inashika mbavu, na nusu ya pili inatazamana.

Baadaye njiani wazee huuliza: Je, yule alitukanwa? Mbona na yeye alicheka? Na je, jambo lile linafaa kwa Muislamu? Makala hii inaeleza kilichotokea pale, kisha inaonesha namna ya kumtambulisha mwenzako kwa mzaha mwepesi ambao hautamdhalilisha yeye wala kumwacha nje yeyote aliyekuja kusikiliza.

Utani ni nini kwa Waluguru

Kwa wengi wetu visiwani neno utani lina maana ya mzaha tu. Tunasema Simba na Yanga ni watani wa jadi, na tunaishia hapo. Kwa Waluguru, kama kwa makabila mengi ya Tanzania bara, utani ni uhusiano wenye wenyewe. Mluguru huhesabu ukoo wake kwa upande wa mama, na kila ukoo una koo nyengine ambazo ni watani wake. Mtu hachagui mtani, anazaliwa anamkuta. Uko pia utani baina ya babu na mjukuu na baina ya mabinamu, na uko utani wa kabila na kabila, kama ule unaojulikana sana wa Wangoni na Wahehe, ambao mababu zao walipigana vita.

Mtani ana ruhusa ambayo mtu mwengine hana. Anaweza kukuita majina, kukucheka mbele ya wakweo, hata kuchukua kitu chako kidogo na usikasirike. Lakini ruhusa hiyo inakwenda pamoja na wajibu. Mtani ndiye anayetarajiwa kuja mbio panapotokea msiba, kusaidia kazi nzito za mazishi, na kumwambia mfiwa ukweli ambao ndugu zake wanaona haya kuusema. Mtafiti wa Kimarekani James Christensen, aliyeandika juu ya utani wa Waluguru mwaka 1963, aliuweka mzaha na wajibu huu mahali pamoja, kwa sababu ndivyo alivyoukuta. Anayekutania leo ndiye atakayebeba jeneza lako kesho, na hilo ndilo linalofanya maneno yake yasiume.

Kutokana na hayo tunaona jambo ambalo makala yote hii imejengwa juu yake. Ruhusa ya utani ni ya watu wawili, au koo mbili, wanaojuana. Haiwahusu wasikilizaji. Mshereheshaji anaposhika kipaza sauti, anaitoa ruhusa ile nje ya nyumba yake na kuipeleka kwa watu mia mbili ambao hawakuzaliwa ndani yake. Mwenye kutaniwa huenda asiumie hata kidogo, na bado heshima yake ikapungua machoni mwa wasiojua, na wageni wakajiona wamekaa kwenye shughuli isiyo yao.

Neno moja, masikio mawili

Tulitazame lile neno "mtumwa". Watani wa bara huitana hivyo kila siku, sokoni na vilabuni mwa kahawa, na hakuna anayefikiria kitu. Lakini kwa mtu wa visiwani neno hilo lina mzigo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mpaka leo zipo familia ambazo kuguswa asili yao kwa neno hilo ni jambo la kuvunja undugu. Kwa hiyo mshereheshaji na mtani wake wanasikia mapenzi, na bibi kutoka Wete anasikia tusi la nasaba. Wote wawili wana masikio mazima. Kosa ni la aliyesema bila kufikiri nani yupo.

Hapa huenda ndugu msomaji akakumbuka kisa cha Swahaba Zaahir (Radhwiya Allaahu 'anhu), kilichopokewa na Anas na kumo katika Musnad ya Imaam Ahmad. Zaahir alikuwa mtu wa shamba, akimletea Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) zawadi kutoka jangwani. Siku moja Mtume alimkuta sokoni akiuza bidhaa zake, akamkumbatia kwa nyuma, akawa anauliza watu nani atamnunua mtumwa huyu. Zaahir akasema kuwa basi atakutwa ni bidhaa isiyo na soko. Mtume akamjibu kwamba mbele ya Allaah yeye si rahisi, bali ana thamani.

Je, kisa hiki si ruhusa ya neno lile? Tukitazame vizuri. Mpokezi ametaja kuwa Zaahir hakuwa mzuri wa sura, na Mtume hakuigusa sura yake kabisa. Neno alilolitumia lilikuwa kweli, kwani kila mmoja wetu ni mja anayemilikiwa na Allaah. Kisha, Zaahir mwenyewe alipojishusha, Mtume hakuongeza mzaha juu yake bali alimnyanyua, na lile la kumnyanyua ndilo lililokuwa neno la mwisho watu wa soko walilolisikia. Anayetaka kufuata kisa hiki afuate njia hiyo: mzaha wa kweli, usiogusa maumbile, unaomalizikia kwenye heshima. Neno lenyewe aliache, kwa sababu ukumbi wa leo una jeraha ambalo neno hilo linalitonesha. Na aya ya 11 ya Suratul-Hujuraat imekataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, ikawataja wanaume na wanawake kila upande peke yake.

Mfano: utambulisho mmoja, mara mbili

Tuchukue mfano wa mahafali ya madrasa mjini Morogoro. Atakayezungumza ni mwalimu wa hesabu, Mluguru wa Matombo. Anayemtambulisha ni mwalimu mwenzake, pia Mluguru, na koo zao ni watani. Mbele wamekaa wazee wa kiume, wanafunzi nyuma yao. Akina mama wako chumba cha pili na wanasikia kwa spika. Wageni kama thalathini wametoka Unguja na Pemba.

Huu ndio utambulisho uliomjia mshereheshaji kwanza:

"Sasa anakuja mtumwa wangu kutoka milimani, Matombo! Jina lenyewe mnalisikia, sitaki kueleza mbele ya mashekhe. Huyu alishuka mjini na mkungu wa ndizi kichwani, viatu kavalishwa na sisi. Mtazameni alivyo mfupi, hesabu zimemmaliza. Karibu mwalimu!"

Kwa mtani wake hakuna jipya hapo. Lakini tuhesabu walioachwa nje au walioumizwa. Neno la kwanza limewagusa wageni wa visiwani, kama tulivyoeleza. Mzaha wa jina la Matombo una ubaya wa pande mbili: maana yake ya Kiluguru, ambayo imetokana na umbo la vilima vya pale, wageni hawaijui, na sikio la pwani linalisikia jina lenyewe vibaya. Akina mama walioko chumba cha pili wameona haya bila kosa. Neno "mtazameni" haliwafikii kabisa, kwani wao hawaoni. Wanasikia tu wanaume wakicheka. Kisa cha viatu ni uongo, na yako makemeo makali ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), yamepokewa na Abu Daawuud na At-Tirmidhiy, juu ya mtu anayesema uongo ili kuchekesha watu. Ufupi ni maumbile ya Allaah.

Na lililo zito zaidi ni la wanafunzi. Wageni watarudi makwao kesho, lakini wanafunzi watabaki na mwalimu huyu. Jumatatu asubuhi mmoja atanong'ona "viatu" darasani, na jina hilo huenda likamfuata mwaka mzima. Mtani alikusudia dakika moja, wanafunzi wakalipokea kama jina la kazi.

Sasa tuutazame utambulisho wa pili, wa mtu yule yule kwa mtani yule yule:

"Mwalimu anayekuja ni mtani wangu. Wageni wetu wa Unguja na Pemba, kwetu sisi Waluguru mtani ndiye anayekucheka ukiwa mzima na kukuzika ukifa, kwa hiyo nikimtania msidhani tumegombana. Anatoka Matombo, na kule nao wanalima karafuu. Nilimwambia leo wapo wazee wa Pemba, asithubutu kuzisifia za kwao. Akaniambia hatathubutu, ila kwenye chakula atauliza bei tu. Mimi nimefundisha naye chumba kimoja miaka tisa, na mahesabu ya zakaah yangu nampelekea yeye, kwa sababu nikipiga mwenyewe hutoka kidogo kila mwaka na sijui kwa nini. Watoto mliowaona hapa wakigawa mirathi ubaoni, yeye ndiye aliyewafundisha. Karibu, mwalimu."

Mzaha upo, na watu wa Morogoro watautambua kuwa ni utani halisi. Angalia ulivyojengwa. Sentensi moja imewapa wageni ufunguo wa mila ile, nao wakaingia ndani. Karafuu zimewaleta pamoja: ni kweli kwamba miteremko ya Uluguru inalima karafuu, pilipili manga na mdalasini, na hakuna Mpemba asiyekuwa na neno la kusema juu ya karafuu. Mzaha huo unasikika bila kuonekana, kwa hiyo akina mama wanacheka wakati mmoja na wanaume. Aliyechekwa kwa udhaifu ni mshereheshaji mwenyewe, na zakaah yake inayotoka kidogo. Mwisho mwalimu amesimama watu wakijua anajua nini na kwa nini wamsikilize.

Namna ya kuandaa

Mshereheshaji yule hakuufikia utambulisho wa pili kwa kipaji. Aliufikia kwa kumuuliza mwenzake. Siku moja au mbili kabla, muendee anayetambulishwa na umuulize mambo mawili: ungependa watu wakujue kwa lipi, na kipi nisikiseme? Swali la pili ndilo muhimu, kwani watu wana maeneo wasiyoyaonesha. Huenda kafiwa na mtoto, au kaachana na mkewe mwezi uliopita, au kazi yake iko mashakani na bosi wake atakuwa ukumbini. Mtani wa kweli mara nyingi hayo anayajua. Mfanyakazi mwenzako wa kawaida hayajui, na ndiyo maana asijitwalie uhuru wa mtani.

Kisha msomee ule mzaha wenyewe, neno kwa neno. Usimuulize kama unachekesha; kwa heshima atakwambia ndiyo. Muulize kama yeye mwenyewe angeusema mbele ya mkwewe. Akisita, au akicheka halafu akanyamaza, jibu umeshalipata. Uache na wala usimwombe sababu. Kama anayetambulishwa ni mkubwa wako, au ni mwanamke asiye maharimu wako, basi mzaha ujifanyie wewe mwenyewe na yeye umtaje kwa kazi yake tu.

Baada ya hapo upitishe mzaha wako kwa wasikilizaji, kundi moja moja. Mgeni asiyejua kabila lenu ataelewa? Anayesikia kwa spika bila kuona ataelewa? Mtoto akiurudia shuleni utakuwa umebaki mzaha? Na kama umo neno la Kiluguru, litafsiri hapo hapo au uliache. Vilevile usilete mzaha wa Unguja na Pemba wenyewe kwa wenyewe. Wazee wa visiwani huutania kati yao wakiwa barazani, lakini ukitoka kwenye kipaza sauti cha mtu wa bara hugawa ukumbi, kwa kuwa nyuma yake kuna mambo ya siasa yaliyowaumiza watu.

Mzaha mmoja unatosha, mara chache miwili. Utambulisho mzima usizidi dakika mbili, kwani muda huo ni wa mgeni na unaazima tu. Na baada ya mzaha usimwite hapo hapo. Weka sentensi mbili au tatu za kweli juu ya kazi yake, ndipo umkaribishe. Akiitwa watu wakiwa bado wanacheka, atalazimika kutafuta utulivu kabla hajasema neno lake, na wengine huingia kwenye mashindano ya kujibu mzaha mpaka muda wa mawaidha ukaisha.

Utajuaje kuwa umekosea

Dalili ya kwanza ni kicheko kutoka upande mmoja tu wa ukumbi. Ya pili ni kicheko cha mwenzako: midomo inacheka, macho yameangalia chini, na mkono unashika kofia. Ya tatu ni kwamba akishika kipaza sauti anaanza kwa kujitetea, akieleza kuwa jambo lile si hivyo. Mtu aliyetambulishwa vizuri huanza na mada yake.

Ukiona hivyo, usieleze mzaha wako wala usiongeze mwengine wa kuufunika. Kueleza huwafanya hata wale ambao hawakusikia waulize kilichosemwa. Sema sentensi moja, wakati ule ule na kwa kipaza sauti kile kile: "Nimeteleza, mwalimu anisamehe, huyu ndiye niliyemtegemea miaka yote hii." Kisha kaa. Kumuomba msamaha faraghani ni lazima pia, lakini peke yake hakutoshi, kwa sababu heshima ilipunguzwa mbele ya watu na inafaa irudishwe mbele ya watu. Na asikwambie mtu kuwa hii ni mila na mila haina samahani. Wenye mila wenyewe huko milimani wanajua kipimo.

Kwa familia zinazokwenda kama wageni

Ukiwa mgeni Morogoro ukasikia mzee anaitwa jina ambalo kwenu halitamkwi, subiri kabla ya kuhukumu. Muulize jirani yako kwa upole: hawa ni watani? Mara nyingi jibu litakutuliza, na huenda ukamuona yule yule mwenye maneno makali ndiye anayekuja kukubebea mizigo mpaka kituoni. Na ukijaaliwa kufika msibani ukawakuta watani wakifanya vituko, jua kuwa kwao ni namna ya kumliwaza mfiwa. Lile linalopingana na adabu za janaza tutalishauri kwa hekima, na kwa kawaida masikio yatakayolisikia ni ya wazee wa ukoo, baada ya mazishi.

Lakini kuelewa mila ya mwenzako hakukulazimishi kuirudia. Mgeni hana ukoo pale, kwa hiyo hana mtani. Kijana wetu wa Mkoani anayesoma Morogoro na kupewa kipaza sauti kumtambulisha mwalimu Mluguru asiige maneno ya watani aliowasikia jana, hata kama yalichekesha ukumbi mzima. Watani walikuwa wanatumia mali yao. Yeye atakuwa anatumia mali ya watu.

Na Allaah Anajua zaidi.